Namba ya Nyumbani kwa Lorne

Lorne Dyck hakuwahi kuuza trekta hata moja, lakini pale mjini Marlow Creek, mkoani Saskatchewan nchini Kanada, hakuna trekta iliyouzwa bila yeye. Mkulima aliingia duka la mashine la Friesen, akawasikiliza wauzaji kwa adabu, halafu akazunguka nyuma hadi karakana na kumuuliza Lorne, fundi mkuu, "Ikiharibika, utakuja?" Lorne akisema ndiyo, mtu alirudi ofisini kuweka sahihi.

Tena alikuja kweli. Namba ya simu ya nyumbani kwake ilikuwa imeandikwa kwa kalamu nzito kwenye kuta za maghala ya wilaya nzima. Mkewe, Adeline, alishazoea kula chakula cha Krismasi akimsikiliza mumewe akieleza jinsi ya kufungua pampu.

Tamara Friesen, aliyerithi duka kwa baba yake, hakupendezwa. Alimwita Lorne akamwambia wazi.

"Mzee, wateja hawatuamini sisi. Wanakuamini wewe. Mwakani unastaafu. Nitauza nini, picha yako?"

"Kizuri chajiuza, bosi. Rangi na maneno ni mambo ya wasio na kazi."

"Basi nisaidie kije kijiuze bila wewe."

Mabadiliko yakafanyika. Malori yote ya huduma yakapakwa rangi moja, na mlangoni yakaandikwa "Hutakwama Peke Yako" juu ya namba moja ya simu, inayopokelewa dukani wakati wote wa mavuno. Kila mashine iliyouzwa ikaingizwa kwenye kompyuta: namba yake, iliharibika nini, ikafungwa kipuri gani. Lorne akaombwa jambo moja tu: asiende kwa mtu anayempigia nyumbani. Ampe namba ya duka. Akakubali kwa shingo upande.

Msimu huo Orest Hnatiuk, mwenye mashamba makubwa kuliko wote kaskazini mwa mji, alikuwa akipima: anunue kombaini tatu mpya za kuvunia ngano kwa Friesen, au ahamie kwa washindani wao ng'ambo ya barabara kuu, waliokuwa na bei nafuu. Siku moja ngano ilikuwa imekauka vizuri, na mvua ilitabiriwa kuja jioni. Simu ya Lorne ikalia wakati wa chakula cha mchana.

"Mzee! Beringi ya juu, pale ngano inapoingilia, imekufa. Inanguruma kama nguruwe. Njoo."

Lorne akamtazama Adeline. Adeline akatazama sahani yake.

"Piga namba ya dukani, Orest."

"Ya dukani? Mimi nilinunua mashine kwa duka au kwako?"

"Piga, bwana. Watakuja."

"Haya, staafu salama!" Orest akakata simu.

Lorne akakaa. Akanyanyuka. Kama Orest akihama, nusu ya kaskazini itamfuata, na duka litayumba kwa sababu Lorne Dyck alikuwa mezani anakula maandazi ya viazi. Aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi," Adeline akasema. "Nenda tu, utanipasulia sahani."

Alipitia banda lake la vipuri, akachukua beringi aliyoijua bila kuangalia popote, akaendesha kwa kasi isiyomfaa mtu wa umri wake.

Shambani alikuta lori la Friesen limeshafika; kumbe Orest alipiga namba ya dukani. Janelle, fundi aliyeajiriwa majira ya kuchipua, alikuwa amelala chini ya mdomo wa kombaini, miguu tu ikionekana. Orest alimshikia taa.

"Nimeleta beringi," Lorne akasema, akihema.

Janelle akatoka, akaichukua, akaipima kwa macho, akamrudishia kwa upole. "Hii ni ya matoleo ya mwanzo, mzee. Kiwandani walibadilisha shafti baadaye. Beringi ya mashine hii ni nene zaidi. Dukani waliona kwenye namba yake kabla sijatoka."

Lorne akaigeuza ile beringi mkononi. Angekuja yeye peke yake, Orest angepoteza mchana wote, na ngano ingelowa.

"Nilidhani umekuja kunisaidia," Orest akasema, "kumbe umekuja kuaga. Mzee, sogea kidogo, unatuzibia mwanga."

Lorne akasogea. Ilimuuma, tusidanganyane, machozi yalimlengalenga, akasingizia vumbi la makapi.

Kombaini ikawaka, ikazunguka safi. Orest akapanda ngazi, akasimama katikati, akamgeukia Janelle, si Lorne.

"Binti, hizo tatu mpya zikiharibika, utakuja?"

Janelle akafuta mikono. "Mimi au mwenzangu. Ila duka litakuja."

Orest akafikiri kidogo, akaitika kwa kichwa, akafunga mlango wa kombaini.