Gramu 0.5 za Binzari Iliyokaushwa

Mhariri wa jarida alinirudishia makala na agizo fupi: sehemu ya mbinu imekakamaa, ilegeze, ila usiguse istilahi wala kipimo. Tulikuwa tumepima madini ya risasi kwenye binzari ya unga inayouzwa Kariakoo, na kweli sentensi zangu zilisomeka kama hati ya mahakama.

Asubuhi hiyo, nyumbani Mchafukoge, nilipaka rangi ya njano kila istilahi na kila namba: gramu 0.5, nyuzijoto 105, mililita 10, asidi ya nitriki. Hizo haziguswi. Mengine nikayalegeza. "Ilipimwa" ikawa "tulipima", sentensi mbili nikaziunga. Nikasoma kwa sauti, ikateleza vizuri. Nikamtumia mhariri, na nakala nikampa mtafiti mwenzangu, dada mmoja aliyekuwa maabara akianza sampuli mpya.

Mchana nilikuwa Kariakoo nikisubiri muuzaji anipimie binzari nyingine. Nikafungua simu kuisoma tena kazi yangu. "Tulipima gramu 0.5 za binzari, tukaikausha kwa nyuzijoto 105 hadi uzito ukaacha kubadilika, kisha tukaichemsha kwenye mililita 10 za asidi ya nitriki."

Nikairudia sentensi hiyo neno kwa neno. Mwanzo niliandika kwamba gramu 0.5 zilipimwa kutoka kwenye binzari iliyokwisha kukaushwa. Namba zote zilikuwepo, ndiyo maana sikushtuka. Kilichohama ni mpangilio. Ukipima kabla ya kukausha, unapima na maji yake. Unga unaobaki unapungua, wewe bado unagawanya risasi uliyoipata kwa 0.5, na kiwango chake kinaonekana kidogo kuliko kilivyo. Binzari mbaya ingeweza kupita kama salama.

Mbele yangu mama mmoja alikuwa anafungiwa binzari ya unga. Nikashindwa kumtazama.

Nikampigia mwenzangu. Haikupokelewa. Nikapiga tena, hivyo hivyo. Nilijua simu huachwa nje ya chumba cha asidi, lakini kichwa hakikutaka kukumbuka hilo. Nikapanda bodaboda, na njia nzima nilikuwa namwona akiandika matokeo na kuyatia saini.

Nilimkuta mlangoni mwa maabara, anavua glovu. Sampuli zilikuwa kwenye oveni.

"Umepima kwanza?" nikamuuliza.

"Ndivyo ulivyoandika," alisema. "Nilidhani mmebadilisha utaratibu."

Nikamweleza. Hakunilaumu. Alizitoa sampuli, tukaanza upya: kukausha, kupoza, ndipo kupima. Kisha nikamwandikia mhariri asichapishe, nikakaa nikitazama simu hadi alipojibu kwamba bado haijaenda mtamboni.

Sentensi ile niliirudisha ilivyokuwa, ngumu. Mhariri alilalamika kidogo, akaiacha.