Odile Wawili Katika Barua ya Mama Adolphine

Siku Adolphine Beya alipokaa kuandikia baraza la kampuni, konsey kama walivyoliita, magari ishirini na mawili yalikuwa yamesimama uwanjani, majani yameanza kuota kando ya matairi. Ulikuwa mwaka 2019. Bei ya kobalti ilikuwa imeanguka, migodi inafungwa mmoja baada ya mwingine, na wachimbaji wa mikono walikuwa wamefukuzwa machimboni na askari. Uliwaona wakipita Kolwezi na magodoro kichwani. Kampuni yake ilibeba chokaa na asidi kupeleka migodini. Migodi ikilala, nayo inalala.

Adolphine alikuwa mkuu wa fedha pale. Mwanamke wa miaka thelathini na saba, mfupi, sauti yake ya chini hata akikasirika. Alikuwa na tabia ya kutaja jina lote la mtu anapomsalimu, hata mlinzi wa lango, na watu walimpenda kwa hilo bila kujua wanampendea nini.

Shida yake ilianza mwezi wa tatu. Kampuni iliacha programu zake za zamani, kila biro, yaani ofisi, na yake, ikaingia katika programu moja kubwa inayounganisha manunuzi, ghala, mishahara na hesabu. Kwenye karatasi iliitwa ERP. Watu wa biro walisema tu sisteme. Wauzaji na malipo yao waliingizwa kwanza. Ghala na mishahara vingefuata tarehe moja ya mwezi wa saba. Katika kuhamisha majina, mafundi waliweka kanuni: majina mawili yakifanana, huyo ni mtu mmoja aliyeandikwa mara mbili, aunganishwe. Wauzaji mia nne na kumi na wawili wakawa mia tatu sabini na mmoja.

Adolphine ndiye aliyepewa karatasi ya kuhakikisha. Akaangalia jumla ya madeni ya zamani na jumla ya sisteme mpya: sawasawa kabisa. Akatia sahihi. Lakini jumla haiwezi kubadilika ukiunganisha watu wawili, maana madeni yao yanawekwa pamoja tu. Kinachopotea ni mtu.

Aliyepotea aliitwa Mbombo Odile, mama wa mji wa Lubudi aliyeleta kwa treni unga wa mahindi wa kupika bukari, ugali wa huku. Mwenzake aliitwa vilevile Mbombo Odile, mama wa mtaa wa Manika, mtu wa Kasai, aliyeuza maharagwe kwa jiko la madereva. Jina Mbombo liko kwa Wakasai, na liko pia kwa watu wa kaskazini ya Katanga. Basi unga wa miezi miwili ulilipwa katika simu ya mama wa maharagwe. Kampuni ilikuwa na deni lake tangu Noeli, naye akafikiri wamekumbuka. Akalipa shule ya watoto, akanunua magunia mengine, mpaka wa Lubudi alipokuja kudai unga wake.

Direkta, Stanislas Kisimba, alisoma rasimu ya kwanza ya barua iliyoomba tarehe isogezwe mbele, akiwa amesimama.

"Mama Adolphine, njo barua hii unataka kutuma?"

"Njo hiyo, Tata," Adolphine akakubali.

"Unaomba miezi mitatu, unaomba na franga, mwaka huu ambao tunafukuza madereva. Na tena unaandika kosa iko kwa signature yako." Akaweka barua mezani polepole. "Andika ule mama wa Manika aliiba. Konsey bakisikia wizi, batatoa franga mbio, ya kufunga milango. Ukiandika kosa ni yako, batakuomba kiti."

"Hakuiba, Tata. Ni siye tulimutumia."

"Ee, muko kabila moja, njo maana." Alicheka, kisha akaacha kucheka. "Nacheza tu."

"Najua, Tata."

Akampa mpaka kesho yake saa sita mchana aiandike upya.

Asubuhi yake mama wa Manika alikuja mwenyewe, na kitambaa chake kizuri cha kanisa, na daftari la maharagwe kwapani. Hakukaa alipoonyeshwa kiti.

"Mama Adolphine, ku jiko banasema nilikula franga ya mwenzangu. Mulinzi naye ananiita mwizi. Mi naliwaza munalipa deni yangu!"

"Najua, mama Mbombo Odile. Kosa ni ya huku kwetu."

"Unasema hivi humu ndani, na mulango umefungwa. Inje nani atasema?" Akafunga kitambaa chake upya. "Ni vile vile ilianzaga zamani. Kwanza banasema tunakula. Kisha banatufukuza. Batatufukuza tena?"

Adolphine alimshika mkono, wakasimama hivyo, wanawake wawili mbele ya kompyuta iliyowaka bure.

Mwaka 1993, Wakasai walipofukuzwa Katanga, Adolphine alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja. Baba yake alikuwa karani wa ghala, mzaliwa wa Kolwezi. Siku moja karatasi ya majina ilibandikwa mlangoni pa kazi, na jina lake lilikuwa humo. Akamwuliza aliyeibandika, rafiki yake wa kucheza dama: "Kosa langu ni nini?" Yule alitazama chini, akajibu: "Jina." Wakakaa stesheni majuma sita wakingoja treni ya Kasai. Miaka kumi na mitatu ikapita kabla Adolphine hajarudi, na baba yake hakurudi naye.

Mama wa Manika alipotoka, Adolphine hakugusa mstari wa kwanza wa barua. Aliubakiza: *Kosa lilipita mikononi mwangu, kwa kuwa nilihakikisha jumla bila kuhakikisha majina.* Chini yake akaongeza: *Hakuna muuzaji aliyeiba.* Akaeleza kwamba jaribio la mishahara lilikwisha kuunganisha wafanyakazi kumi na mmoja na wenzao wa jina moja; tarehe ya mwezi wa saba ikibaki, kuna watu watakaokosa mshahara. Akaomba ghala na mishahara vingoje tarehe moja ya mwezi wa kumi. Akaomba siku thelathini za fundi, makarani wawili kwa miezi mitatu, na programu ya zamani iendelee kulipiwa, ili mishahara ya miezi miwili ipigwe hesabu pande zote mbili na kulinganishwa. Mama wa Lubudi alipwe mara moja. Yule wa Manika akatwe kilichozidi deni lake, kidogo kidogo katika malipo ya maharagwe yake, wala asiitiwe polisi.

Stanislas aliisoma, akapumua, akatia sahihi yake chini ya ile ya Adolphine.

Jibu lilichukua siku tisa. Muda umekubaliwa. Makarani na programu ya zamani, ndiyo. Fundi, siku kumi tu, zinazobaki Mama Beya afanye mwenyewe. Na barua ya lawama iingie katika faili yake. Stanislas aliibandika barua ya Adolphine kwenye mlango wa jiko, ule mstari wa muuzaji umepigwa rangi ya njano.

Juma lililofuata wakaweka meza uwanjani, kati ya magari yaliyolala, na wauzaji wakaja kuandikwa upya na kadi zao za uchaguzi, ndizo kitambulisho huku. Odile wawili wakakutana kwenye foleni.

"Kumbe njo weye ulikula unga yangu!" akasema wa Lubudi, mikono kiunoni.

"Unga gani? Mi bukari nakulaga ya kwetu."

"Njo maana unakonda hivyo."

Foleni yote ikacheka, na wa Manika akacheka kuliko wote, mpaka akapangusa macho.

Adolphine aliandika jina la wa Lubudi, namba ya kadi, jina la mama yake. Kompyuta ikasimama, ikauliza.

"Inasema nini?" akauliza wa Lubudi, ameinama begani kwake.

"Inasema jina hii iko tayari. Inauliza kama muko mutu moja."

"Ijibu mbio, mama. Treni yangu haitaningojea."

Adolphine akabonyeza: hapana.