Mikunjo Minne Iliyonenepa

Haya ninayoandika hamtayaamini, na sitawalaumu. Hata mke wangu, aliyeniamini siku nilipomwambia nitaacha sigara, haya aliyakataa. Lakini ni ya kweli, na yamemhusu binti wa dada yangu, fundi cherehani, mtu ambaye hajawahi kunidanganya wala kunicheka, isipokuwa kila siku.

Sisi nyumbani tunamwita Uzi, kwa kuwa ni mwembamba na hakatiki. Amekaa kwangu tangu dada yangu alipofariki. Anashona kwa Mama Mkasi, kwenye chumba kirefu chenye cherehani nne, meza moja ya kukatia na pasi nzito ambayo mimi peke yangu naiinua kwa kidole kimoja. Kazi yake ni ile ambayo wengine huikimbia: mikunjo na frili. Mpe kitambaa cha mita kadhaa, atakurudishia kiuno cha mtoto na kila kunjo limekaa kama askari kwenye gwaride.

Nilimuuliza siku moja siri yake. Akasema, "Mjomba, ni kuhesabu tu. Kunjo moja la inchi moja linakula inchi tatu za kitambaa: moja inaonekana, mbili zimejificha chini. Ukitaka makunjo ishirini na manne, kata inchi sabini na mbili. Ukikosea uzi mmoja kila kunjo, mwisho wa safari umekosea vidole viwili."

"Na frili?"

"Frili unapitisha nyuzi mbili za mshono mlegevu, unagawa kitambaa robo nne, unagawa na kiuno robo nne, ndipo unavuta. Usipogawa, kitajikusanya upande mmoja kama watu kwenye foleni."

Basi mwaka jana aliugua homa ndefu. Alipona, lakini mkono wa kulia ukabaki na mtetemo mdogo. Kikombe cha chai kinalia kwenye kisahani akikiinua. Hakusema neno kazini. Mimi nilimtania: "Umeanza kupiga ngoma bila ngoma." Alicheka, lakini si kwa macho.

Ndipo ikaja kazi ya sketi kumi na mbili za mikunjo, za kikundi cha wacheza dansi. Mwalimu wao alikuja mwenyewe kueleza. "Wakizunguka, sketi zifunguke zote kama mwavuli. Wakisimama, zifunge kunjo juu ya kunjo. Nikiona mawimbi, sizichukui."

Uzi akashona nne za kwanza. Mwalimu akazivalisha wasichana wanne, akawaambia zungukeni. Wakazunguka, wakasimama. Nilikuwa mlangoni, nimempelekea Uzi chakula, nikaona kwa macho yangu: mikunjo ya mbele ilifunga vizuri, ya kiunoni kulia ikatanuka, na ya mwisho ikabanana ikapotea. Zilikuwa kama mtu anayesoma kwa sauti, akakwama katikati, kisha akaharakisha mwisho ili asionekane amekwama.

Mwalimu hakufoka. Alisema tu, "Hizi zinapepesuka," akaondoka, akasema atarudi Ijumaa.

Uzi aliutazama mkono wake wa kulia, akauficha chini ya kitenge. Mama Mkasi akaona.

"Tangu lini huo mkono?"

"Tangu homa, mama."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ningepewa kazi ya kushona vifungo."

"Utapewa vifungo, mwanangu. Sikufukuzi. Lakini mkono unaotetemeka hauwezi kulaza kunjo."

Nawaambieni, vifungo kwa fundi wa mikunjo ni kama kumpa mpishi kazi ya kuosha sufuria. Uzi hakulia. Alikaa akiyakunja mabaki ya vitambaa, akiyakunjua, akiyakunja tena. Hiyo ndiyo kazi pekee anayoijua, na kama mkono umeishia hapo, basi na yeye ameishia hapo. Nikatamani kusema neno la kuchekesha, nikakosa. Mimi! Mtu niliyewahi kuchekesha msiba.

Kisha akafanya jambo la ajabu. Akazichukua sketi zote nne, akazilaza mezani moja chini ya nyingine, mshono wa upande ukiwa mstari mmoja, akaanza kuhesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Akafika la tisa, akasimama. Akaenda sketi ya pili, la tisa. Ya tatu, la tisa. Ya nne, la tisa.

"Mama Mkasi, njoo uone. La tisa, la kumi, la kumi na moja na la kumi na mbili ndiyo yaliyonenepa. Sketi zote. Hayo mengine ni sawa, ila la mwisho limebanwa kwa kuwa kitambaa kimenipungukia."

"Sasa?"

"Mkono wangu ukitetemeka, unakosea leo hapa, kesho pale. Haurudii kosa moja mahali pamoja mara nne. Hili si kosa la mkono."

Mama Mkasi akavua miwani, akaivaa tena. Uzi akaichukua tepu yake ya kupimia, ile ya plastiki ya manjano, akaichukua na rula ndefu ya mbao inayokatiwa vitambaa, akaziweka bega kwa bega. Mpaka inchi ishirini na nne zilienda pamoja kama mke na mume wapya. Kuanzia hapo tepu ikaanza kubaki nyuma. Ilipoandika thelathini na sita, rula ilikuwa imeshafika thelathini na saba na nusu.

"Imevutwa," akasema Mama Mkasi. "Tazama, hapa imekuwa nyembamba. Na hili nini, grisi?"

Hapo nikarudi nyuma hatua moja. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimehamisha godoro kwa baiskeli. Kamba sikuiona, tepu niliiona. Jua lilikuwa kali, godoro zito, nikaifunga katikati, nikaivuta kwa mguu. Jioni nikaikunja vizuri, nikairudisha kwenye kikapu chake, nikajisifu kwa usafi.

"Fundi anayepima bila kuhakiki kipimo chake," Mama Mkasi alikuwa anasema, "kosa bado ni lake. Tepu ni yako. Ilipita mikononi mwa nani?"

Uzi hakujua. Akabaki ameshika tepu, na mtetemo ukamrudia, nayo tepu ikatikisika hewani mbele ya wote.

Nawahakikishia aliyemwokoa siku ile ni mimi. Ndiyo maana Alhamisi alikuwa tena kwenye kiti chake, akifumua sketi nne, akizipiga pasi kwa maji yenye siki kufuta alama za mikunjo ya zamani, ambazo kwenye mbili hazikufutika kabisa, na kuzikunja upya kwa rula. Mkono bado unatetemeka, na Mama Mkasi amesema ataendelea kumtazama. Lakini ni mkono unaokunja, si wa vifungo. Na yote ni kwa kuwa mimi, mbele ya chumba kilichojaa mafundi ishirini, niliinuka, nikapiga kifua, nikanguruma kwa sauti iliyozima cherehani zote: "Mwacheni binti huyu! Mwenye kosa ni mimi, na niko tayari ku—"

Uzi, anayesoma nyuma ya bega langu, amenikatiza: "Mjomba, mafundi tulikuwa wanne. Na ulisema, 'Huenda ni panya.'"