Karatasi ya Mashine ya Kumenyea Kahawa

Muhuri wa duka letu ulitengenezwa Songea, na wazo la kuutengeneza lilikuwa langu. Nalisema mapema ili lawama isitafute mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na kila mwenye nauli akawa mwagizaji wa bidhaa. Mume wangu alikuwa akishuka Dar es Salaam kila baada ya miezi kadhaa kuleta mzigo Mbinga. Watu wakampa fedha mkononi: niletee cherehani, niletee baiskeli. Akirudi bila kitu, ugomvi. Mimi, bibi harusi niliyekuja kutoka pwani na cheti changu cha kidato cha nne, nikaona hawa watu wanahitaji maandishi. Nikatunga karatasi. Juu, jina la mteja na kitu alichoagiza. Chini yake, kiasi alicholipa, kisha tarehe ya makadirio ya mzigo kufika. Mwisho niliandika kwamba tarehe ikipita na kitu hakijafika, mteja atachagua: arudishe karatasi apewe fedha yake yote, au aendelee kungoja kwa tarehe mpya. Halafu muhuri. Niliipenda sana karatasi ile. Ujuha wa ujana ni kudhani ukishaandika jambo umelimaliza.

Mzee mmoja wa Litembo alikuja mvua zikiwa bado zinanyesha. Alikuwa mkulima wa kahawa, mwembamba, koti limefungwa vifungo vyote. Nikamwamkia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Nataka mashine ya mkono, ya kumenyea kahawa."

Alilipa yote. Nikamwambia meli ya mwagizaji wetu wa Dar inategemewa, mzigo utafika mwisho wa Mei, kabla kahawa mbivu hazijaanza kuchumwa kwa wingi. Nikamsomea karatasi polepole, maana nilijua nyumbani wanaongea Kimatengo na Kiswahili kwake kilikuwa cha kanisani na sokoni. Alinisimamisha kwenye neno moja.

"Makadirio ndiyo nini?"

"Ni kukisia, baba. Si hakika."

Akacheka. "Hata mvua tunaikisia, na inakuja." Akautazama muhuri kwa muda mrefu, akaikunja karatasi mara nne, akaiweka mfuko wa ndani. Nikamweleza tena kuhusu fedha kurudishwa, akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa habari za jirani.

Mei ikaisha. Nilikwenda posta kupiga simu Dar, nikangoja nusu siku kuunganishwa, nikaambiwa mzigo bado, labda Julai. Mzee alipokuja mwanzoni mwa Juni nilikuwa nimeshatenga fedha yake kwenye bahasha. Nikamweleza. Hakuigusa.

"Nitangoja. Andika tarehe nyingine."

"Baba, mbivu zinakuja. Chukua fedha, ukatafute mashine kwingine."

"Wakati wa ushirika," akasema, "tulipewa karatasi ya malipo ya pili, ile fedha ya kahawa iliyobaki. Mwaka ukapita. Watu wakachoka, wengine wakawashia moto karatasi zao. Mimi niliitunza. Ikalipwa. Karatasi yenye muhuri hairudishwi, mama."

Mume wangu alikuwa nyuma akipanga sabuni. Nikaandika mwisho wa Julai. Nikagonga.

Sikujua bado alichokuwa amekifanya na karatasi ile. Nilikijua mwezi Julai, nilipopanda Litembo kumwangalia shemeji yangu aliyelazwa hospitali. Nilipotoka wodini nikaulizia nyumba ya mzee, nikapita kumsalimu. Hakuwepo. Uani, juu ya mikeka, kahawa yake ilikuwa imeanikwa na maganda yake, nyeusi, inanuka uchachu. Hata mimi mtu wa nazi nilijua maana yake. Mbivu ikichumwa imenywe siku ileile, ilale majini, ioshwe, ndipo ianikwe iwe safi. Ile ya kuanikwa na ganda, wanunuzi waliokuja siku hizo na mizani zao walikuwa wakiipokea kwa kupindisha midomo. Jasho la mwaka mzima lilikuwa pale kwenye mikeka, limeoza.

Na ng'ambo ya kijito nilisikia mashine inazungushwa.

Nikavuka. Mwenye mashine alikuwa kaka yake mkubwa, uso uleule umeongezewa miaka. Foleni ya vikapu vya majirani ilikuwa mlangoni.

"Wewe ndiye mama wa karatasi?" akaniuliza, hata salamu yangu haijaisha.

"Ndiyo, baba."

"Miaka yote alimenyea hapa. Mwaka jana nilimtania mbele ya watu kwamba bila mimi angekula mbivu kama ndege. Mwaka huu akaja na karatasi yako, akaifungua hapa, mbele ya watu walewale. Akasema: tazama muhuri. Akasema sitakanyaga tena kwako."

"Sasa si umwite?"

"Kwani mguu wangu ndio ulioapa?" Akaendelea kuzungusha mpini. Baadaye akaongeza, bila kunitazama, "Akija na kikapu nitammenyea. Lakini aje."

Umbali baina ya nyumba zile mbili, mtoto angerusha jiwe likafika. Niliteremka Mbinga nikiwa na hasira juu yao wote wawili, na zaidi juu ya kalamu yangu. Mimi nilikuwa nimemwandikia mtu bidhaa isiyokuwepo, yeye akaitumia papo hapo kumjibu kaka yake.

Agosti mume wangu akarudi kutoka Dar na jibu la mwisho. Mwagizaji alikuwa ameufuta mzigo wote wa mashine, akarudisha fedha za kila mtu. Hapakuwa tena na meli ya kungoja wala tarehe ya kukisia.

Mzee alikuja Septemba, uchumaji unaishia. Koti lilelile, vifungo vyote. Nikamwekea bahasha mezani na kumwambia wazi, kwa maneno mepesi niliyoyafanyia mazoezi: mashine haiji. Si kwamba imechelewa, haiji. Fedha yako hii hapa, haijapungua hata senti.

Aliitazama bahasha. Kisha akatoa karatasi, imechanika kwenye mikunjo, akailaza mezani nikadhani ananirudishia. Nikashusha pumzi.

"Andika tarehe," akasema.

"Sina tarehe, baba. Hakuna mashine."

"Nimesikia. Andika yoyote."

"Ya nini sasa?"

Macho yake yalikuwa yamekwenda mlangoni, kwenye barabara ya vumbi inayopanda kwao.

"Jumapili tukitoka misa kaka yangu huniuliza, mbele ya watu. Lini? Nikirudi na fedha, nimjibu nini?"

Nilimwambia kaka yake yuko tayari kummenyea. Nilimwambia nimeyasikia kwa masikio yangu. Akatabasamu kidogo, kwa huruma, kama mimi ndiye niliyekuwa na shida.

"Mama, mimi najua yuko tayari," akasema. "Andika."

Mume wangu alitikisa kichwa kunikataza. Alikuwa na haki: duka linaloandika uongo halina maisha. Lakini yeye hakuwa ameiona mikeka ile. Nikachukua karatasi mpya. Nikaandika jina lake, nikaandika mashine ya mkono ya kumenyea kahawa. Kwenye makadirio nikaandika mwisho wa Mei, mwaka unaofuata. Sehemu ya fedha kurudishwa niliiandika kama kawaida, na bahasha nikaisukuma tena kwake. Safari hii aliichukua, akaitia mfukoni bila kuhesabu.

"Muhuri," akanikumbusha.

Nikagonga. Akaipuliza wino ukauke, akaikunja mara nne.