Mtandio Uliobaki Kabatini

Shangazi alikuwa dobi kwa miaka mingi, na hakuna kilichomchefua kama nguo iliyokunjwa kabla ya kukauka. Alikuwa akiijua kwa kuinusa tu, hata kabla hajaigusa. Alipostaafu kufua, pua yake haikustaafu. Katika ukoo ule mtu hakupanga nyumba mpaka Shangazi aende kuinusa, na yeye alikwenda kwa maringo, mkoba begani, kama daktari anayekwenda kumwona mgonjwa.

Alikuwa na utaratibu wake. Madirisha yafungwe, milango ifungwe, watu wote watoke nje. Avute kwanza hewa ya barabarani, kisha aingie peke yake, bila kuzungumza na mtu.

“Pua husema mara moja,” aliwaambia. “Ukikaa humo ndani inazoea, halafu inanyamaza.”

Sasa zamu ilikuwa ya binti wa kaka yake, aliyekuwa na mtoto wa kike mwenye pumu. Nyumba waliyokuwa wakiishi ilikuwa na ukungu ukutani, na mtoto alikuwa akikohoa mpaka macho yanamtoka. Wakihamia kwenye ukungu mwingine watakuwa hawajahama kitu. Binti alikuwa amechoka kutafuta, na nyumba hii ya leo ameipenda tangu getini.

Ubaya ni kwamba dalali alikuwa mcheshi. Aliwapokea madirisha yakiwa wazi, rangi mpya inang'aa, na marashi ya kupuliza yamejaa sebuleni. Kabla Shangazi hajafungua mdomo, ameshavutiwa kiti na kupewa soda baridi.

“Mama, nimesikia habari zako. Wanasema unanusa hata uongo!”

“Basi wewe kaa mbali,” Shangazi akamjibu, na wote wakaangua kicheko.

Akanogewa. Akavua mtandio, maana joto lilikuwa kali, na dalali akautundika kwa adabu ndani ya kabati kubwa la chumbani. Hadithi ikazaa hadithi. Soda ilipokwisha, Shangazi akazunguka vyumba vyote, akanusa chini ya sinki, akanusa pembeni, akachungulia hata kabatini. Hakusikia kitu.

“Nyumba safi,” akatangaza. Binti wa kaka yake akamkumbatia, nusura amwangushe.

Walikuwa wameshafika njia kuu, wanapanga kitanda cha mtoto kikae wapi, Shangazi alipojishika mabega.

“Mtandio wangu!”

Wakarudi. Dalali alikuwa ameshafunga madirisha, anatafuta ufunguo wa mlango. Shangazi akaenda moja kwa moja chumbani, akafungua kabati, na hapo hapo akasimama. Ilimjia ile harufu ya nguo iliyosahauliwa ndani ya ndoo. Akadhani ni mtandio. Akautoa, akarudi kuingiza kichwa kabatini. Harufu ilikuwa palepale, nzito zaidi huko nyuma.

Aibu ilimwingia mpaka masikioni. Angeweza kuchukua mtandio wake akaondoka, na nani angejua? Lakini akilini alikiona kifua cha yule mtoto kikipanda na kushuka.

“Mwanangu,” akaita, “nimekosea.”

“Shangazi! Si umesema safi?”

“Nilisema na soda yake tumboni. Njoo unuse mwenyewe.”

Binti akaingiza kichwa, akakitoa haraka. Machozi yakamlengalenga, maana nyumba aliipenda kweli. Dalali akaja na mzaha mdomoni, lakini alipoambiwa alisogeze kabati hakukataa. Likasogea kwa kelele. Nyuma yake rangi ilikuwa imevimba malengelenge, na madoa meusi yametapakaa kuanzia chini kwenda juu. Upande wa pili wa ukuta huo ndipo lilipokuwa bafu, na bomba lilikuwa likivujia ndani kwa ndani.

“Mama, wallahi hata mimi sikujua,” dalali akasema, na safari hii hakucheka.

“Wewe una kosa lako na mimi nina langu,” Shangazi akamwambia. “Nyumba nyingine tunakutana nje. Na soda yako kaa nayo.”

Nyumba waliyoipata baadaye haikuwa na geti wala rangi mpya. Shangazi aliwatoa watu wote nje, dalali akiwa wa kwanza kutii, akaingia akiwa amebana midomo. Alipotoka alikuwa anatabasamu, lakini akaingia tena mara ya pili ili moyo wake utulie.

Siku ya kuhama, mchana, mama wa mtoto aliacha masanduku akasogea mlangoni mwa chumba kusikiliza, kama alivyozoea. Mtoto alikuwa amelala kwenye godoro chini, ubavuni mwa Shangazi. Hakukuwa na kikohozi, wala mluzi kifuani. Kilichosikika mle ndani kilikuwa pua ya Shangazi ikikoroma, na mama akakaa chini mlangoni, akacheka huku analia.