Tumbo la Shirinmo

Idara ya afya imeagiza kwamba maneno ya mgonjwa yatafsiriwe yalivyo, bila kuongezwa wala kupunguzwa. Muuguzi Nekbakht alitii. Katika ujumbe wa sauti kutoka milima ya Pamir, Shirinmo, baba mkwe wake akiwa kando, alisema kwa lugha ya kwao kwamba tumbo linauma kidogo, naye akamtafsiria Daktari Farhod: "Kidogo." Ila mkazamwana halalamiki mbele ya baba mkwe, kwa hiyo Nekbakht akampigia simu akiwa peke yake.

"Lilianza lini, mwanangu?"

"Jana mchana, tukioka mkate. Kitovuni. Sasa limehamia chini, kulia, wala haliachi."

"Na ng'ombe umekamua, au wananingoja mimi?"

"Hata kusimama wima siwezi, shangazi."

Nekbakht akatafsiri yote. Daktari akashuku kidole tumbo, akatuma gari.

Kwenye meza ya upasuaji, kabla ya kupasuliwa, Shirinmo aliulizwa tena. Akasema linauma kidogo.