Kilomita Saba, Si Kumi na Moja

Huko Fizi, Kivu ya Kusini, Mihigo alikuwa fundi wa barabara. Katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, alikofika na watoto wawili, alipata kazi ya karani kwa mkandarasi aliyekuwa akikarabati barabara ya vumbi ya kuelekea Endiinzi, kilomita kumi na nane. Kila Ijumaa aliandika ripoti ya wiki, meneja akaisaini, ikapelekwa Mbarara kwa injinia msimamizi.

Wiki hiyo ya Septemba mpango ulitaka kilomita kumi na moja ziwe zimekamilika. Mihigo alizitembea zote na kamba ya kupimia. Saba zilikuwa zimeshindiliwa vizuri. Nne zilikuwa na marundo ya changarawe tu. Greda la kusawazisha barabara lilikuwa limeharibika siku tatu, mvua imekula siku mbili. Kwenye kinamasi, kalvati sita za kupitishia maji chini ya barabara zilitakiwa na mbili tu ndizo zilizokuwa zimewekwa.

Meneja Tumwine alikuwa mtu mwema aliyechoshwa na simu za wakubwa. Alimwambia changarawe iko barabarani tayari, basi ihesabiwe, na habari za kinamasi zingoje wiki ijayo.

Mihigo hakushika kalamu kuibadilisha ripoti.

"Meneja, kule kwetu nilishaandika vile," alisema. "Niliandika kalvati zimeisha kuwekwa, na hazikuwako. Siku watu walikimbia vita, maji ilikata barabara. Mimi na watoto tulikuwa tumeshavuka. Bibi yangu Yudita, mama ya watoto, akabakia ngambo. Huu ni mwaka wa saba sijamuona."

"Mzee, hiyo haikuwa makosa yako peke yako."

"Mukono ulioandika ulikuwa wangu."

Tumwine aliisaini ripoti kama ilivyokuwa: kilomita saba, sababu za kuchelewa, na hatari ya maji kukata kinamasi mvua za Oktoba zikianza.

Jumatatu walikwenda Mbarara. Injinia msimamizi, mama mmoja mkali, aliwauliza kwa nini greda jingine halikukodiwa. Siku mbili za mvua aliwaongezea kwenye muda wa kazi. Tatu za greda alikataa, akasema hizo ni mzigo wa mkandarasi. Lakini alipofika kwenye sehemu ya ripoti iliyotaja hatari ya kinamasi aliagiza umwagaji wa changarawe usimame, watu wote wahamie kinamasini.

Kalvati ya mwisho ilifukiwa siku nne kabla ya mvua kubwa. Maji yalipokuja yalipita chini, na wanawake wenye magunia ya maharage wakapita juu.

Mihigo alisimama pale asubuhi nzima katika manyunyu. Tumwine alimpongeza, naye akashukuru kwa adabu. Macho yake yalikuwa kwa wapitaji. Kila mwanamke aliyetokea ng'ambo akiwa amejifunika kitenge kichwani Mihigo alimtazama mpaka akaribie, mpaka uso uonekane, kisha akamsalimia na kumpisha.

Kilichomuuma ni kwamba kuvuka kulikuwa rahisi vile. Hatua ishirini tu.